Asilimia 31 na kurasa tatu za sura ya pili

*"Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya umahiri hapa Dar es Salaam, tasnifu yangu ni ya Kiswahili, kuhusu lugha ya wapiga debe. Ripoti ya Turnitin imetoka asilimia 31 wakati kitabu cha mwongozo wa wanafunzi kinasema isizidi 20. Nimepewa barua ya tuhuma ya wizi wa kitaaluma na nina siku 14 za kujibu. Sura ya pili kuna aya nilizichukua kwenye tasnifu ya mtu, ila jina lake nimelitaja. Nyingine mbili nilizitafsiri kutoka makala ya Kiingereza. Kijana wa steshenari anasema kwa elfu sitini ataishusha hadi 12. Nimekutumia ripoti na barua. Nifanye nini, na wanaweza kunifukuza?"*

Marahaba, binti yangu. Kabla ya yote, yule kijana wa steshenari usimpe faili lako. Sababu nitaieleza, lakini ombi hili lisisubiri ufike mwisho wa jibu.

Nimeisoma ripoti yako yote, ukurasa kwa ukurasa. Hivyo ndivyo kamati makini huisoma, na ninaamini hata wewe hujaisoma hivyo. Umeona 31 juu kabisa, ukaogopa, ukafunga. Hebu tuifungue pamoja.

Programu ile ya Turnitin inachukua mfululizo wa maneno yako na kuyatafuta mahali pengine: mtandaoni, kwenye majarida, na kwenye kazi za wanafunzi zilizowahi kupitishwa humo. Ikikuta maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, inayapaka rangi. Mwishoni inahesabu maneno yaliyopakwa rangi na kuyagawa kwa maneno yote ya tasnifu. Hesabu hiyo haijali kama umetaja chanzo, wala haijui nani alimwiga nani. Wenye programu wenyewe wanasema kwamba wanaonyesha mfanano, na kwamba kuamua kama kuna wizi ni kazi ya mwalimu. Tasnifu yako ina maneno kama 24,000, kwa hiyo asilimia 31 ni maneno 7,440 hivi. Swali la kamati ni maneno hayo yanatoka wapi.

Kundi kubwa kuliko yote, asilimia 11, linatoka kwenye pendekezo lako mwenyewe la utafiti. Ulilipitisha kwenye programu hiyohiyo mwaka jana, likahifadhiwa, na sasa sura ya kwanza na ya tatu zinafanana nalo. Lazima zifanane, kwa sababu tasnifu hukua kutoka kwenye pendekezo. Hilo si kosa. Lingekuwa kosa kama ungechukua kazi uliyokwisha kupewa alama katika kozi nyingine ukaiwasilisha kama mpya.

Asilimia 9 ni orodha yako ya marejeleo. Kila aliyesoma vitabu hivyo ataviandika vivyo hivyo, jina kwa jina na mwaka kwa mwaka. Programu ina kitufe cha kuiondoa orodha kwenye hesabu, lakini huitambua kwa kichwa chake, na kwenye kazi za Kiswahili nilizozisoma mara nyingi orodha hubaki ikihesabiwa. Njia ya kujua ni rahisi: nenda kurasa za mwisho za ripoti. Ukikuta orodha imepakwa rangi, imehesabiwa. Yako imepakwa kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho.

Asilimia 3 ni tamko la mtahiniwa, ukurasa wa haki miliki, fomu ya ridhaa na vichwa vya sura, yaani maneno ambayo chuo chenyewe kimekupa uyanakili. Asilimia 2 ni nukuu ulizoziwekea alama vizuri na kutaja ukurasa. Nyingine 2 ni vipande vya maneno matano au sita ambavyo kila mtu huandika, kama "katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania". Tumefika 27.

Zimebaki asilimia 4, na tuhuma yako iko hapo. Ni kama maneno 960, zaidi kidogo ya kurasa tatu, yote katika sura ya pili na yote kutoka tasnifu moja. Mwanafunzi mwingine anaweza kuwa na jumla ya asilimia 8 tu, ndani ya kiwango cha kitabu chenu, na nane yote ikawa sura iliyonyofolewa kwa mtu. Huyo ana kesi nzito kuliko yako. Kiwango cha 20 ni geti la kuamua nani asomwe kwa makini zaidi, na ni kosa kukifanya kiwe hukumu yenyewe.

Sasa tazama barua yako. Aya ya pili inataja kifungu cha mwongozo kinachosema wizi wa kitaaluma ni kuwasilisha maneno, mawazo au data ya mtu mwingine kana kwamba ni yako. Hiyo ndiyo maana ya kosa. Lakini aya ya tatu, inayotoa ushahidi, inasema tu kwamba umevuka asilimia 20. Haitaji ukurasa hata mmoja, na hilo ni jambo la kulisema katika majibu yako, kwa adabu. Usilifanye kichaka cha kujifichia, kwa sababu zile kurasa tatu zipo, na msomaji yeyote mwenye macho atazifikia.

Unasema jina umelitaja. Ni kweli, limetajwa mara moja, mwishoni mwa aya ya tano. Msomaji anayefika hapo anaelewa kwamba sentensi ile ya mwisho ndiyo ya mwenzako, na kwamba aya nne na nusu zilizotangulia ni zako. Kumtaja mtu hueleza wazo limetoka wapi. Maneno yenyewe yakiwa ya kwake, yanadai jambo la pili, yaani alama za kunukuu na namba ya ukurasa. Kwa mtindo wa marejeleo wa APA, ambao naona idara yenu inautumia, nukuu ikifika maneno 40 hutengwa kama aya peke yake, ikasogezwa ndani, bila alama za kunukuu. Wewe hukufanya hata moja kati ya hayo, kwa hiyo kwa kipimo cha kifungu kile, aya hizo zimeingia kwenye kosa. Ni afadhali ulisikie kwangu leo kuliko mbele ya meza ya watu watano.

Kuna hoja nyingine ambayo naona utajaribu kuitumia: kwamba ulibadilisha maneno. Nimetunga mfano unaofanana na ulichofanya, ili sentensi za mwenzako zisitambulike hapa. Tuseme yeye aliandika:

"Mpiga debe hatumii lugha kutoa taarifa ya safari peke yake, huitumia pia kujenga ukaribu na abiria ambaye hajawahi kumwona."

Na wewe ukaandika:

"Mpiga debe hatumii lugha kutoa taarifa ya safari pekee, huitumia vilevile kujenga ukaribu na msafiri ambaye hajawahi kumwona."

Umebadilisha maneno matatu. Mwendo wa sentensi, mpangilio wa hoja, hata ile koma, vyote ni vya mwenzako. Kufasili kwa maneno yako huanza pale unapofunga kitabu chake, ukajiuliza alisema nini na data yako inasemaje juu ya hilo, kisha ukaandika. Kwa mfano: "Mtafiti aliyetangulia anaona wito wa mpiga debe una kazi mbili, kuelekeza na kumzoea abiria. Katika rekodi za kituo cha Mbezi Mwisho, kazi ya pili ilijitokeza zaidi magari yalipokuwa mengi na abiria wachache." Kisha jina lake na mwaka papo hapo. Sentensi ya aina hii haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakwenda kituoni. Wewe ulikwenda, sura yako ya nne inaonyesha, na ni nzuri. Nilisikitika kuona mtu aliyekaa Mbezi Mwisho na Mbagala Rangi Tatu akisikiliza watu kwa miezi, halafu anaazima sentensi za mwingine ili aeleze alichokisikia.

Zile aya mbili za tafsiri ni jambo gumu zaidi, kwa sababu ripoti haikuziona. Programu imelinganisha maneno yako ya Kiswahili na maneno mengine, na makala ile ni ya Kiingereza, kwa hiyo kurasa hizo ni nyeupe kabisa. Weupe wa ukurasa hauna maana kwamba kazi ni yako. Ukitafsiri mwenyewe kipande kifupi, APA inakihesabu kama kufasili: huweki alama za kunukuu, lakini chanzo lazima ukitaje. Aya mbili nzima, sentensi kwa sentensi, zinahitaji zaidi ya hapo. Msomaji aambiwe waziwazi kwamba hoja hii yote ni ya fulani na tafsiri ni yako. Wewe hukutaja chanzo kabisa katika aya hizo, ingawa makala iko kwenye orodha ya marejeleo.

Najua unajiuliza kama uinyamazie. Ushauri wangu ni uitaje wewe kwanza. Mtahini wa sura ya pili ya tasnifu kuhusu lugha ya mitaani ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameisoma makala hiyo. Tena Kiswahili kilichotafsiriwa kina harufu yake: sentensi ndefu zenye "ambayo" tatu, wakati kurasa zako nyingine zinakwenda kwa mwendo mfupi. Hivyo ndivyo tunavyoitambua, kwa sikio, kabla ya kwenda kutafuta chanzo. Likigunduliwa baada ya wewe kukiri zile kurasa tatu tu, kukiri kwako kote kutaonekana ni hila.

Ndiyo maana nakuomba umwache kijana wa steshenari. Nimeona kazi zilizotoka kwenye huduma hizo. Njia ya kwanza ni kubadilisha maneno kwa visawe bila kusoma: "lugha ya kwanza" inageuka "ulimi wa awali", "kituo cha daladala" kinakuwa "stesheni ya chombo". Njia ya pili ni kuchukua herufi za Kirusi zinazofanana kwa sura na zetu, kama а na о, na kuzipachika ndani ya maneno ili programu isiyatambue. Ya tatu ni kuweka alama za kunukuu kwa rangi nyeupe, zisionekane kwenye karatasi. Programu ya sasa ina sehemu ya tahadhari inayoonyesha herufi zilizobadilishwa na maandishi yaliyofichwa. Hata bila hiyo, mtahini akitafuta neno "abiria" ndani ya faili na kompyuta ikasema halipo, wakati analiona kwa macho, amejua.

Ubaya wake kwako ni huu. Leo una kosa linaloweza kuelezwa kwa uzembe na kutokujua. Ukilipa elfu sitini, faili lile linakuwa ushahidi wa nia ya kudanganya, na nia ndiyo inayobadilisha adhabu. Isitoshe, toleo la kwanza chuo wanalo tayari.

Kuhusu hatua zenyewe, vyuo vyetu vinatofautiana katika majina, lakini njia ni ileile. Mtahini au msimamizi anaandika taarifa kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara akiona kuna jambo, analipeleka kwa amidi. Amidi anakuandikia barua ya tuhuma, unajibu kwa maandishi, kisha unaitwa mbele ya kamati. Kamati inasikiliza na kupendekeza. Kwa kawaida haifukuzi mtu yenyewe. Mapendekezo mazito hupanda hadi Seneti. Uko kwenye hatua ya barua, kwa hiyo bado hujahukumiwa, hata kama lugha ya barua inakufanya ujisikie hivyo.

Una haki ambazo hazitegemei hisani ya mtu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale mahakama au chombo kingine kinapoamua juu ya haki zake, na haki ya kukata rufaa. Kusikilizwa kwa ukamilifu kunaanza na kuujua ushahidi. Kwa hiyo ndani ya siku zako 14, na vizuri iwe wiki hii, andika kuomba kurasa zinazolalamikiwa zikiwa zimewekewa alama, pamoja na chanzo kinachodaiwa. Uliza pia nani watakaa kwenye kamati. Aliyeleta tuhuma anaweza kuitwa kutoa maelezo, lakini asikae akipiga kura. Ukikuta ameketi upande wa wajumbe, lisemee mwanzoni, kabla hamjaanza, na uombe liandikwe kwenye muhtasari. Pingamizi linaloletwa baada ya uamuzi huonekana ni la mtu aliyeshindwa.

Je, wanaweza kukufukuza? Kwenye karatasi, ndiyo. Adhabu katika vitabu vya mwongozo huanzia onyo la maandishi, hupita kwenye kuamriwa kurekebisha na kuwasilisha upya, kupewa sifuri na kusimamishwa masomo, hadi kufukuzwa na hata kuvuliwa shahada iliyokwisha kutolewa. Hiyo ya mwisho haina mwisho wa muda. Annette Schavan aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Düsseldorf, akafika kuwa waziri wa elimu wa Ujerumani, na Februari 2013 chuo kikamvua udaktari huo kwa sababu ya vipande visivyotajiwa vyanzo. Alikwenda mahakamani, na Machi 2014 akashindwa. Nakutajia hilo uelewe kwa nini sikushauri upitishe tasnifu kimyakimya ukitumaini mahafali yatafunika.

Lakini kamati haichagui adhabu kwa kufumba macho. Katika kamati nilizokaa, tuliangalia kiasi kilichochukuliwa, tukaangalia zaidi mahali kilipo. Kurasa tatu katika mapitio ya maandiko, ambako kazi ni kueleza wengine walisema nini, hazilingani na kurasa tatu katika matokeo. Anayechukua matokeo ya mtu amedai kufanya utafiti ambao hakuufanya. Tuliangalia kama ni mara ya kwanza, na kama kuna dalili ya kuficha. Mwanafunzi wa umahiri, mara ya kwanza, sura ya pili, amekiri na ana data yake halisi: hapo tulipendekeza onyo la maandishi na kuandika upya sehemu husika, na kuchelewa mahafali kukawa ndiyo maumivu makubwa. Siwezi kuisemea kamati yenu. Naweza kukuambia kwamba waliofukuzwa mbele yangu walikuwa wamenunua kazi nzima au wametunga data.

Beba daftari lako la uwandani na rekodi za sauti siku ya kuitwa. Hata kama hawatauliza, mjumbe akiona daftari limechakaa kwa vumbi la kituoni, swali la nani alifanya utafiti huu linakwisha.

Majibu yako yasizidi kurasa mbili. Anza na jedwali la zile asilimia kama tulivyozigawa: 11, 9, 3, 2, 2 na 4, kila moja na kurasa zake. Kisha aya ya kukiri, na iwe nyoofu kama hivi:

"Nakiri kwamba katika sura ya pili nilichukua maneno ya tasnifu iliyotajwa bila kuyawekea alama za kunukuu, na kwamba kumtaja mwandishi mara moja mwishoni hakukutosha. Nakiri pia kwamba aya mbili katika sura hiyohiyo, ambazo ripoti haikuzionyesha, ni tafsiri yangu ya makala ya Kiingereza ambayo sikuitaja mahali hapo. Ninaambatanisha sehemu hizo nikiwa nimeziandika upya."

Usiandike "kama kuna mtu amekwazika", wala usimtaje msimamizi kwamba hakukufundisha, hata kama ni kweli. Na hizo sehemu zilizoandikwa upya ziambatanishe kweli, zikiwa kando ya za zamani, safu mbili, ili mjumbe aone tofauti bila kuhangaika. Ziandike ukiwa umefunga vile vitabu. Utakwama mara mbili tatu. Ukikwama, rudi kwenye rekodi zako.

Chapisha nakala mbili, peleka masjala mwenyewe, usimtume mtu. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Uamuzi ukitoka usivyotarajia, siku za rufaa huhesabiwa kwa tarehe, na faili lako litakuwa kamili tangu ukurasa wa kwanza.